Monstera Isiyopasuka Majani: Umri, Mwanga na Nguzo

Mabibi na mabwana, wapenzi wenzangu wa maua,

Nimeombwa nizungumzie jambo moja tu, nami nitajitahidi nisitoke nje yake. Watu wengi hununua monstera kwa kuvutiwa na majani makubwa yenye mipasuo inayoanzia ukingoni na kuingia hadi karibu na mshipa mkuu, kisha hukaa nayo mwaka mzima, pengine miwili, huku ikitoa majani mazima yenye umbo la moyo ambayo hayana hata tundu moja. Hapo mwenye mmea huanza kuulizia mbolea, au hushauriwa aupulizie maji kila asubuhi. Nimewahi kuonyeshwa hata jani lililochanjwa kwa mkasi ili lifanane na yale ya kwenye picha. Ninachotaka kueleza leo ni kwamba jani zima si ugonjwa. Ni taarifa ya hali ambayo mmea ulikuwa nayo wiki kadhaa kabla ya jani hilo kufunguka, na mambo matatu yanayoamua sura yake, yaani umri, mwanga na nguzo ya kupandia, hayana uzito sawa wala hayafanyi kazi moja.

Tuanze na jinsi mpasuo unavyotokea, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo. Wengi hudhani kwamba jani huzaliwa zima na kuchanika baadaye, kama tunavyoona kwenye mgomba. Jani la mgomba kweli huchanwa na upepo baada ya kufunguka. La monstera hupata matundu lingali dogo mno, likiwa limejikunja ndani ya ala ya kikonyo cha jani lililolitangulia. Wakati huo vikundi vya seli katika sehemu maalumu, kati ya mshipa na mshipa, hufa kwa utaratibu wa mmea wenyewe na kuacha vitundu ambavyo jicho halivioni kwa urahisi. Arunika Gunawardena na wenzake walizieleza hatua hizo mwaka 2005 kwa kumchunguza ndugu wa karibu wa mmea wetu, Monstera obliqua. Bapa la jani linapotanuka, vitundu hutanuka nalo. Katika monstera tuliyoizoea, ambayo jina lake la kitaalamu ni Monstera deliciosa, tundu lililo karibu na ukingo hutanuka mpaka utepe mwembamba wa jani uliobaki pale ukingoni ukakatika, na tundu likageuka kuwa mpasuo. Ukilitazama jani lililofunguka asubuhi ya leo, ambalo bado ni laini na lina rangi ya kijani kibichi inayong'aa, mara nyingine utaukuta utepe huo haujakatika, umeshikilia ncha mbili za jani zisiachane.

Maana yake ni kwamba jani lililofunguka likiwa zima litabaki zima hadi siku litakaponyauka. Halijachelewa kupasuka, halisubiri kupasuka, limekwisha amuliwa. Kwa hiyo mtu aliyehamishia mmea wake mahali pazuri hana sababu ya kuyakagua majani ya zamani kila juma. Ayatazame yajayo, tena asilihesabu lile la kwanza, kwa kuwa hilo huenda lilikwisha jengeka ndani ya ala wakati mmea ungali kwenye hali ya zamani.

Kabla sijaingia kwenye umri, niondoe tatizo moja dogo. Kuna mimea inayouzwa kwa jina la monstera ambayo haitapasuka majani hata ikitunzwa vipi, hasa aina za filodendroni zenye majani ya umbo la moyo, ambazo zikiwa changa hufanana sana na monstera changa. Njia rahisi ya kuzitofautisha ni kutazama jani jipya linakotokea. Katika monstera, jani jipya huchomoza kutoka kwenye mfereji wa kikonyo cha jani lililotangulia. Katika filodendroni, jani jipya hutoka likiwa limefunikwa na jani dogo jembamba la pekee, ambalo baadaye hukauka, hugeuka kahawia na kudondoka. Ukivikuta vijani hivyo vilivyokauka kwenye shina, umeuziwa kitu kingine, na hayo mengine nitakayosema hayakuhusu.

Sasa umri. Ninapotaja umri wa monstera sizungumzii miaka ya kalenda, bali hatua ambayo ncha ya shina imefikia. Kwao, katika misitu iliyoanzia kusini mwa Meksiko na kuendelea Amerika ya Kati, mbegu ya monstera huota chini ya miti mirefu, kwenye giza. Mche hutoa majani madogo na mazima huku ukitambaa ardhini kutafuta mti wa kupanda. Donald Strong na Thomas Ray waliandika mwaka 1975 kuhusu jamaa mmoja wa monstera ambaye mche wake, badala ya kufuata mwanga kama tulivyofundishwa shuleni, huelekea mahali penye giza zaidi, kwa kuwa giza hilo mara nyingi ni kivuli cha shina la mti mkubwa. Ukishaufikia mti, hubadilisha mwenendo na kuanza kupanda kuelekea juu. Hapo ndipo kila jani linapoanza kulizidi lililotangulia, mipasuo ikatokea, na baadaye sana yakaongezeka matundu madogo yaliyojipanga sambamba na mshipa mkuu, ambayo ni dalili ya mmea uliokwenda mbali zaidi katika safari yake. Monstera iliyokomaa porini huwa na jani lenye urefu unaokaribia mita moja.

Mche uliotokana na mbegu, katika hali nzuri, kwa kawaida huchukua miaka miwili hadi mitatu kabla ya kutoa mipasuo ya kuonekana. Vipandikizi vina hesabu nyingine. Kipandikizi kilichokatwa kwenye ncha ya shina lililokomaa huendelea karibu na pale mama yake alipofikia, kwa sababu ncha ni ileile. Jani lake la kwanza baada ya kuota mizizi linaweza kuwa dogo kidogo, lakini mipasuo hairudi nyuma sana. Kipande kilichokatwa katikati ya shina, chenye kifundo kimoja tu, huchipuza kutoka kwenye jicho lililolala. Chipukizi hilo huanza na shina jembamba na jani dogo, mara nyingi zima kabisa, hata kama shina lilikotoka lilikuwa na majani yaliyopasuka vizuri. Ndiyo sababu mtu hupewa kipande na jirani mwenye mmea wa fahari, akakaa na majani mazima, akadhani amedhulumiwa. Hakudhulumiwa, amepewa mwanzo mpya.

Kuna jambo jingine katika umri ambalo naliona muhimu kuliko yote, nalo ni unene wa shina. Monstera iko katika kundi moja kubwa na minazi, migomba na mahindi, yaani mimea ambayo shina lake haliongezeki unene kwa kuweka tabaka mpya mwaka hadi mwaka kama ufanyavyo mwembe. Pingili iliyokwisha undwa ikiwa nyembamba kama kidole cha mtoto itabaki hivyo maisha yake yote. Kinachoweza kunenepa ni pingili inayofuata, na ile itakayofuata baada yake. Kwa sababu hiyo shina la monstera ni kumbukumbu: ukilipitisha mkono kutoka chini kwenda juu utazijua nyakati njema na nyakati mbaya. Pingili zikiwa zinanenepa kadiri unavyopanda, mmea unakomaa na mipasuo iko njiani. Zikiwa zinakonda, mmea unarudi utotoni, haijalishi uliununua miaka mingapi iliyopita. Mimi hulitazama shina kabla ya kulitazama jani, na mara nyingi hunitosha.

Niseme neno pia juu ya vyungu vilivyojaa. Muuza miche mara nyingi huweka mashina matatu, manne au hata zaidi katika chungu kimoja ili kionekane kimeshiba. Mteja huamini kwamba amenunua mmea mmoja mnene, kumbe amenunua miche kadhaa michanga inayogombea udongo, maji na mwanga uleule. Kila mmoja unaweza kubaki mchanga kwa muda mrefu. Si udanganyifu, kwa maana chungu hicho kweli hupendeza, lakini anayetaka mipasuo hana budi kuitenganisha.

Nafika kwenye mwanga, ambao kwa maoni yangu ndio chanzo cha malalamiko mengi ya nyumbani. Umri huipa ncha ya shina uwezo wa kutengeneza jani lililopasuka. Mwanga ndio unaolipa gharama. Jani kubwa ni ghali. Mmea ulio gizani hautengenezi sukari ya kutosha kujenga pingili nene na jani pana, hivyo hutumia kidogo ulicho nacho kujirefusha ukitafuta mwanga. Dalili zake ni wazi: vikonyo huwa virefu na vyembamba kuliko inavyostahili bapa linalobebwa, vifundo huachana sana, mmea mzima huinamia dirishani, na jani jipya huwa sawa na lililotangulia au dogo kuliko hilo. Mmea wa namna hiyo hauko karibu kufa. Unaweza kuishi hivyo miaka, jambo linalomfanya mwenyewe aamini kwamba mwanga unatosha.

Macho yetu hayafai kupima jambo hili, maana mboni hutanuka gizani na kutufanya tuone sebule yenye mwanga kama kawaida. Mwanga wa jua kali la saa sita mchana nje unafikia luksi laki moja, luksi ikiwa ni kipimo cha mwanga. Hatua tatu au nne ndani ya chumba, mbali na dirisha, unaweza kukuta luksi mia mbili au mia tatu tu. Simu nyingi sasa zina programu ya kupima luksi, na ingawa haipimi kwa usahihi wa maabara, inatosha kukuonyesha tofauti kati ya pembe ya sebule na kingo ya dirisha. Kwa uzoefu wangu, monstera inayopata luksi chini ya elfu moja kwa sehemu kubwa ya mchana huishi bila kuendelea, na inayopata luksi elfu kadhaa kwa saa nyingi huanza kupanua majani. Asiye na simu ya namna hiyo aweke karatasi nyeupe mahali ulipo mmea saa sita mchana, ainue kiganja chake juu ya karatasi kwa kadiri ya futi moja. Kivuli kikionekana kwa wepesi huku kingo zake zikiwa zimefifia, mahali hapo panafaa. Kisipoonekana kabisa, ni giza. Kikiwa cheusi chenye kingo kali, hapo kuna jua la moja kwa moja, na jua la mchana litayaunguza majani kwa mabaka ya rangi ya nyasi kavu ambayo hayaponi.

Hapa lazima nitoe tahadhari kuhusu ushauri unaosambaa mitandaoni. Mwingi umeandikwa na watu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako jua hupita upande wa kusini mwaka mzima, na ndiyo maana wanalisifu dirisha la kusini. Sisi tulio karibu na Ikweta mambo ni tofauti. Dar es Salaam, kwa mfano, jua la mchana huwa upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba, na nyakati zote mbili liko juu sana angani kiasi kwamba upenu wa bati uliotokeza vizuri hulizuia lisiingie ndani. Madirisha yanayopokea jua kwa hakika ni ya mashariki na ya magharibi. La mashariki ndilo bora kwa monstera, kwa kuwa jua la asubuhi hadi kama saa tatu halina ukali. La magharibi linahitaji pazia jepesi. Tukumbuke pia kwamba nyumba zetu zina wavu wa mbu, nondo, na pengine vioo vya rangi, na kila kimoja hupunguza fungu lake la mwanga. Wavu uliojaa vumbi hupunguza zaidi, na kuuosha ni kazi ya dakika chache.

Nichukue mfano mmoja niufuate mpaka mwisho. Dada mmoja anayeishi ghorofani hapa Dar es Salaam alinunua chungu cha monstera chenye mashina manne, akakiweka pembeni mwa televisheni, kiasi cha mita tatu kutoka dirishani. Tulipopima saa sita mchana simu ilionyesha luksi mia mbili na hamsini. Majani yalikuwa mazima yote, jipya zaidi likiwa na upana wa sentimita kumi na nne, na kikonyo chake kilikuwa na urefu unaozidi mara mbili ya upana huo. Shina nene kuliko yote lilikuwa limeanza kukonda kwenye pingili mbili za mwisho. Mmea wenyewe haukuwa na doa wala mdudu, na maji haukukosa.

Alitenganisha mashina manne, akiloanisha udongo kwanza ili mizizi isikatike ovyo, akavaa glavu kwa kuwa utomvu wa monstera huwasha ngozi. Mashina mawili manene zaidi alipanda kila moja katika chungu chake, kwa mchanganyiko wa udongo wa bustani, mboji na vipande vikavu vya makumbi ili maji yasituame. Vyote viwili aliviweka kwenye baraza linalotazama mashariki, kwanza nyuma kabisa ukutani, kisha akavisogeza mbele kidogo kidogo kwa muda wa majuma mawili, kwani majani yaliyolelewa gizani huungua hata kwa jua ambalo mengine hulistahimili. Mahali vilipoishia palipata jua la asubuhi, kisha luksi kati ya elfu sita na elfu nane kwa sehemu iliyobaki ya mchana. Shina la kwanza alilipa nguzo. La pili aliliacha lisimame lenyewe, na hilo lilikuwa ombi langu.

Jani la kwanza kufunguka katika kila chungu lilikuwa zima, kwa sababu niliyokwisha kueleza. La pili lilikuwa pana zaidi, na katika mmea wenye nguzo lilikuwa na mpasuo mmoja upande mmoja tu. Msishangae upande mmoja kutangulia. Mara nyingi huwa hivyo. La tatu lilipasuka pande zote mbili. Mmea usio na nguzo nao ulitoa mipasuo, ukichelewa kwa jani moja, na hili ni muhimu: mwanga peke yake ulitosha kuianzisha. Lakini baada ya majani machache shina lake lilielemewa, likalala juu ya ukingo wa chungu, na majani yaliyofuata yaliacha kuongezeka upana, wakati yale ya mmea wenye nguzo yaliendelea kuzidiana. Mimea miwili haitoshi kuthibitisha kanuni, nami sidai hivyo. Nimeutaja mfano huu kwa sababu unaonyesha mpangilio ambao nimeuona pia kwa wengine: mwanga hufungua mlango, nguzo huamua utaingia umbali gani.

Je, nguzo inafanya nini hasa? Wengi huiona kama gongo la kuuzuia mmea usianguke, na nguzo nyingi zinazouzwa kweli hazifanyi zaidi ya hapo. Kazi yake ya pili ndiyo yenye thamani. Kila kifundo cha monstera kina uwezo wa kutoa mzizi wa angani. Mzizi huo ukikuta kitu kikavu au hewa tupu, ncha yake hukauka na kugeuka kahawia. Ukikuta kitu chenye unyevu na cha kushikika, hujinasa humo, hutoa vijizizi vingi vya pembeni na kuanza kuuletea mmea maji na chumvichumvi, karibu kabisa na jani linalojengwa. Mmea unaopanda huku umeshika hutoa pingili fupi na nene na majani makubwa zaidi. Unaoning'inia au kutambaa bila kushika hurudi kwenye pingili ndefu na majani madogo.

Ushahidi wa jambo hili hamna haja ya kuufuata Meksiko. Tazameni ule mmea wa kutambaa wenye majani ya kijani yenye mabaka ya manjano, ambao wengi huuita maniplanti, na ambao ni wa ukoo mmoja na monstera. Ndani ya nyumba, ukining'inia kwenye kopo juu ya kabati, jani lake halizidi kiganja. Mmea huohuo ukitupwa chini ya mwembe au mnazi ukaupanda mti, baada ya miaka michache majani yake huwa mapana kama sinia na kupasuka kando kando. Kwenye miji ya pwani mtaukuta katika nyua nyingi, na watu hupita chini yake bila kufikiri kwamba ndio uleule walio nao sebuleni.

Kwa nguzo, sisi wa pwani tuna bahati ya kuwa na usumba. Chukua boriti nyembamba au bomba la plastiki, lizungushie usumba kwa unene wa vidole viwili au vitatu, kisha ukaze kwa kamba ya usumba au ya plastiki. Bomba tupu halifai, kwa kuwa mizizi haina pa kushika. Njia iliyo bora zaidi ni kutengeneza mwanzi wa wavu wa kuku na kuujaza usumba ndani, kwa sababu unahifadhi maji mengi zaidi na mzizi unaweza kuingia hadi katikati. Jihadharini na jambo moja: makumbi yanayoozeshwa kwenye maji ya bahari ili kupata usumba hubaki na chumvi. Uloweke usumba katika maji baridi yasiyo ya chumvi, uyamwage, urudie mara kadhaa, la sivyo ncha za mizizi zitaungua na kingo za majani kukauka, kisha lawama ziiangukie nguzo.

Nguzo iingizwe hadi chini ya chungu, tena mapema, kabla shina halijajipinda. Shina la monstera lina mbele na nyuma. Mizizi ya angani hutoka upande wa nyuma, na majani hutazama mbele, kwenye mwanga. Upande wa mizizi ndio ulalie nguzo, na nguzo iwe nyuma ya mmea kwa kulinganisha na dirisha. Anayeigeuza kinyume ataona mizizi ikitoka hewani na majani yakijipinda kuikwepa nguzo. Fungeni shina, msifunge vikonyo, kwa maana kikonyo hujigeuza kila siku kulielekeza jani lake kwenye mwanga, na ndani ya ala yake ndimo jani lijalo linamojengwa. Nimeona jani zuri likitoka limechanika vibaya kwa sababu kamba ilipitishwa juu ya ala likiwa bado limo ndani. Huo si mpasuo wa monstera. Ukitazama utaona kingo zake ni za kahawia na hazifuati nafasi kati ya mishipa, ilhali kingo za mpasuo wa kweli ni laini na za kijani tangu mwanzo.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ni maji. Nguzo kavu ni gongo tu. Mimina maji polepole juu kabisa ya nguzo mpaka yaanze kuchuruzika chini, na ufanye hivyo kila unapougusa usumba ukauona mkavu, jambo ambalo barazani, upepo wa kaskazi ukivuma, huweza kutokea kila siku. Kupulizia kwa chupa hulowanisha uso wa nguzo kwa dakika chache na hakufiki mizizi iliko. Utajua kwamba nguzo inafanya kazi utakapouvuta mzizi taratibu ukakataa kuachia, na ncha zake mpya zikawa nyeupe zenye vinyweleo.

Kuhusu mbolea sitasema mengi, kwa kuwa imepewa sifa isiyo yake. Mmea ulio kwenye mwanga mzuri na unaotoa jani kila mwezi mmoja au mwezi na nusu unahitaji kulishwa, na mboji au NPK nyepesi kila mwezi hutosha. Mmea ulio gizani haujui la kufanya na chakula hicho, na chumvi zake hujikusanya kwenye udongo.

Wengi pia huniuliza mipasuo ina faida gani kwa mmea wenyewe. Jibu linalonivutia zaidi lilitolewa na Christopher Muir mwaka 2013. Chini ya miti mikubwa mwanga hufika kwa madoa yanayohamahama, na jani lenye matundu, kwa kiasi kilekile cha nyama ya jani, hutanda eneo kubwa zaidi kuliko jani zima. Wastani wa mwanga unaonaswa haubadiliki sana, lakini siku za kukosa kabisa hupungua. Ni hoja, na zipo nyingine zinazotaja upepo na maji ya mvua. Kwa mwenye chungu barazani hazibadilishi utunzaji.

Litakalombadilishia mambo ni siku mmea utakapofika juu ya nguzo. Ncha ikipita mwisho wa nguzo na kubaki hewani, majani huanza kupungua tena ndani ya vifundo vichache. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza nguzo, na wavu wa kuku una sifa hapa, kwani kipande kipya kinaunganishwa juu ya cha zamani kwa waya. Ya pili ni kukata. Kata sehemu ya juu yenye majani mawili au matatu na mizizi ya angani iliyo hai, acha kidonda kikauke kwa siku moja, kisha uipande kwenye chungu kipya chenye nguzo mpya iliyokwisha loweshwa. Ncha hiyo, kwa kuwa ni ileile iliyokomaa, itaendelea na mipasuo baada ya jani moja au mawili ya kujikusanya. Gutu lililobaki chini litachipuza kutoka kwenye macho yake, na machipukizi hayo yataanza na majani madogo mazima. Mkitaka kumgawia mtu, mwambieni mapema ni kipande kipi anachopewa.

Asanteni kwa kunisikiliza, na niko tayari kwa maswali.